Barua nne bila jibu: Ukimya wa ofisi ya kodi una maana gani?

Wafanyabiashara wengi wa mpakani wana bahasha ya namna moja. Ndani yake mna nakala za barua tatu au nne zilizokwenda ofisi ya forodha, kila moja ina muhuri wa masijala, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Mwenye bahasha ameambiwa "jalada lako liko kwa bosi" mara nyingi kiasi kwamba ameacha kuuliza bosi yupi. Siku akichoka kabisa huipeleka bahasha hiyo kwenye dawati la malalamiko ya kodi, akitumaini kwamba huko ndiko haki yake itapatikana.

Mara nyingi dawati humwuliza maswali mawili anayoshindwa kuyajibu. Ni uamuzi gani anaoupinga, na aliupinga lini? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama barua zake zilikuwa hatua ya kisheria au zilikuwa maombi ya huruma tu. Tofauti hiyo ina thamani ya fedha, kwa sababu sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haiuachi ukimya wa ofisi uende bure. Ukiwa umeandika barua inayotakiwa, kwa wakati unaotakiwa, ukimya wa Kamishna ni jibu, na jibu lenyewe ni "ndiyo".

Kifungu kinachohusika

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatumika pande zote mbili za mpaka. Namanga upande wa Tanzania na Namanga upande wa Kenya sheria ni hiyo hiyo, na ndivyo ilivyo Busia, Malaba, Mutukula na Holili. Kifungu chake cha 229 kinasema kwamba mtu aliyeguswa moja kwa moja na uamuzi wa Kamishna kuhusu forodha, au na jambo ambalo Kamishna alipaswa kulifanya asilifanye, anaweza kuomba mapitio ndani ya siku 30 tangu uamuzi huo au kutotenda huko. Maombi yawe ya maandishi na yaeleze sababu.

Kamishna naye amepewa siku 30. Zinahesabiwa tangu apokee maombi pamoja na maelezo yoyote ya ziada aliyoyahitaji. Katika muda huo anatakiwa kumjulisha mwombaji uamuzi wake kwa maandishi, akitaja sababu. Asipofanya hivyo, sheria inamchukulia kuwa ameyakubali maombi.

Kifungu hicho pia kinaruhusu bidhaa kuachiwa wakati mapitio yanaendelea, endapo mwenye mali ataomba na akalipa kodi iliyokadiriwa au akaweka dhamana ya kutosha. Kipengele hiki wengi hawakitumii. Huuacha mzigo ghalani huku wakisubiri barua ijibiwe, na ghala la forodha halina subira. Bidhaa zisizoondolewa ndani ya siku 30 tangu kuingizwa ghalani zinaweza kutangazwa, na baada ya siku nyingine 30 za tangazo zikahesabiwa zimetelekezwa na kupigwa mnada. Barua iliyolala kwenye jalada haizuii mnada.

Mfano wa ndoo na mabeseni

Ili hesabu ifuatike vizuri, tuchukue mfano. Tarehe na kiasi tumevipanga wenyewe, lakini hatua ni zile zile zilizomo katika sheria.

Mfanyabiashara wa Arusha ananunua ndoo na mabeseni ya plastiki kiwandani Nairobi na kuyavusha Namanga. Anacho cheti cha uasili wa bidhaa, kinachoonyesha kwamba mali imetengenezwa Kenya kwa kufuata kanuni za Jumuiya, kwa hiyo haitozwi ushuru wa forodha. Tarehe 2 Februari ofisa anakitilia shaka cheti na kuukadiria mzigo kama uliotoka nje ya Jumuiya. Ushuru anaotakiwa kulipa ni shilingi 4,200,000. Msimu wa shule umeanza na wateja wanazitaka ndoo, hivyo analipa ili mzigo uachiwe, akiamini kwamba fedha itarudi ukweli ukijulikana.

Tarehe 9 Februari anamwandikia mkuu wa kituo barua ya kwanza. Anaeleza kuwa ni mfanyabiashara mdogo, fedha aliyolipa ni ya mkopo wa kikundi, na anaomba asaidiwe. Tarehe 27 Februari anaandika ya pili kukumbushia ya kwanza. Ya tatu inakwenda tarehe 20 Machi na ya nne tarehe 14 Aprili. Zote zimepokelewa, na hakuna iliyojibiwa. Mwezi Mei anakwenda kwenye dawati la malalamiko.

Dawati linaanza kuhesabu. Siku 30 za kuupinga uamuzi wa tarehe 2 Februari ziliisha tarehe 4 Machi. Barua mbili za kwanza zilikuwa ndani ya muda, lakini hakuna inayotaja uamuzi wa tarehe 2, inayosema "naupinga", wala inayoeleza kwa nini ofisa alikosea kuhusu cheti. Barua mbili za mwisho zilikwenda muda ukiwa umekwisha. Ofisi ya forodha ikiulizwa, itasema haikuwahi kupokea maombi ya mapitio, na kwa jinsi karatasi zilivyo, itakuwa na la kusimamia. Dawati linaweza kuikemea ofisi kwa kutojibu barua. Kurudisha shilingi 4,200,000 ni jambo jingine.

Sasa tumrudishe mfanyabiashara huyo huyo kwenye tarehe 9 Februari, lakini aandike barua tofauti:

"Kwa Kamishna wa Forodha, kupitia Mkuu wa Kituo. Haya ni maombi ya mapitio chini ya kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Naupinga uamuzi wa tarehe 2 Februari wa kukataa cheti changu cha uasili kwa mzigo wenye namba ya tamko ifuatayo. Sababu: cheti kimetolewa na mamlaka husika ya Kenya, ankara ya kiwanda inalingana na mzigo, na sikuelezwa kwa maandishi kasoro ya cheti ni ipi. Naomba uamuzi ubatilishwe na shilingi 4,200,000 nilizolipa zirejeshwe. Nimeambatisha nakala za cheti, ankara, tamko na stakabadhi ya malipo."

Barua hiyo ni fupi kuliko ile ya huruma na haimtukani mtu, lakini ina kila kitu ambacho sheria inadai: uamuzi unaopingwa, tarehe yake, sababu, na kinachoombwa. Imepelekwa kwa Kamishna mwenyewe, kwa sababu ndiye ambaye sheria inamtaja. Mkuu wa kituo ni mlango tu wa kuipitishia.

Ikipigwa muhuri tarehe 9 Februari, siku 30 za Kamishna zinaisha tarehe 11 Machi. Tarehe 12 Machi, bila jibu, mfanyabiashara haandiki "nakumbushia barua yangu". Anaandika kwamba maombi yake yalipokelewa tarehe 9 Februari, kwamba hakujulishwa uamuzi wowote hadi tarehe 11 Machi, kwamba kwa mujibu wa kifungu cha 229 maombi yanahesabiwa kuwa yamekubaliwa, na kwamba anaomba utaratibu wa kurejeshewa fedha uanze. Barua ya kwanza iliomba uamuzi. Hii ya pili inadai utekelezaji wa uamuzi ambao sheria imekwisha kuutoa.

Hesabu inapovurugika

Mambo mawili huivuruga hesabu hiyo, na yote mawili huanza kwa upole.

La kwanza ni kuombwa maelezo ya ziada. Tuseme tarehe 20 Februari ofisa anampigia simu mfanyabiashara wetu na kumtaka alete barua ya kiwanda kuthibitisha mahali ndoo zilikotengenezwa. Anaipeleka tarehe 26 Februari na kumkabidhi ofisa mkononi. Kwa maneno ya sheria, siku 30 zinahesabiwa tangu Kamishna apokee maombi pamoja na maelezo aliyoyataka. Kwa hiyo mwisho si tena tarehe 11 Machi, ni tarehe 28 Machi. Hilo peke yake si tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna karatasi inayoonyesha aliombwa nini na alikileta lini. Ofisi inaweza kusema bado inasubiri, na hana cha kuonyesha kwamba alikwisha kupeleka.

Dawa yake ni karatasi. Ukiombwa kitu kwa simu, peleka kwa barua ya utangulizi: "Kufuatia ombi la ofisi yako kwa simu tarehe 20 Februari, nawasilisha barua ya kiwanda. Sina maelezo mengine niliyoombwa." Igongwe muhuri masijala, nakala ibaki kwako. Sentensi ya mwisho ndiyo inayofunga mlango wa "tulikuwa tunasubiri".

La pili ni jibu linalochelewa. Barua inaweza kuwa imeandikwa tarehe 10 Machi, ikamfikia mwombaji tarehe 25 Machi. Sheria inamtaka Kamishna amjulishe mwombaji ndani ya muda. Kuiandika barua na kuiacha kwenye trei si kumjulisha. Weka ushahidi wa siku uliyoipokea, iwe bahasha ya posta, saini kwenye daftari la kupelekea barua, au ujumbe wa barua pepe wenye tarehe. Hata hivyo, usikae ukitamba kwamba wamechelewa. Ofisi inaweza kuishikilia barua yake, na muda wa kukata rufaa nao ukawa unakimbia.

Muda huo ni siku 45 tangu kupewa uamuzi, kwa mujibu wa kifungu cha 230 cha sheria hiyo hiyo. Kwa barua iliyopokelewa tarehe 25 Machi, mwisho ni tarehe 9 Mei. Tanzania, ambako rufaa huanzia Bodi ya Rufani za Kodi, sheria ya rufani inataka pia taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30, ambayo hapa itakuwa tarehe 24 Aprili. Kenya na Uganda kila moja ina Baraza lake la Rufani za Kodi. Katika hesabu zote hizi, Jumamosi na Jumapili zihesabu pia, ili usijikute umechelewa kwa siku mbili ulizodhani hazimo.

Ukivuka mpaka, ukimya hubadili maana

Hadi hapa tumezungumzia forodha, ambako sheria ni moja. Ukitoka kwenye forodha na kuingia kodi za ndani, kama kodi ya mapato au VAT ya biashara yako, kila nchi ina sheria yake, na ukimya ule ule una maana tofauti.

Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30 za kupinga kadirio, na Kamishna siku 60 za kuamua tangu apokee pingamizi halali. Zikipita bila uamuzi, pingamizi linahesabiwa limekubaliwa. Uganda, mlipakodi ana siku 45 na Kamishna ana siku 90, lakini huko ukimya haujitangazi wenyewe. Mlipakodi ndiye anayetakiwa kumwandikia Kamishna kwamba ameamua kuuchukulia ukimya huo kuwa pingamizi limekubaliwa. Asipoandika, hajapata kitu.

Tanzania mambo yamegeuka. Pingamizi la kodi za ndani likikaa miezi sita bila kuamuliwa, kadirio linachukuliwa kuwa limethibitishwa, na mlipakodi anapata haki ya kwenda Bodi ya Rufani. Ukimya huko ni "hapana", na anayeendelea kuandika barua za kukumbushia anapoteza siku zake za rufaa.

Kwa hiyo mfanyabiashara mwenye duka Arusha na stoo Nairobi hawezi kutumia ushauri wa rafiki wa upande wa pili bila kuuliza kwanza: hii ni kodi ya forodha au ya ndani? Karatasi ya kadirio yenyewe hutaja sheria iliyotumika. Hapo ndipo pa kuanzia kusoma, kabla ya kusoma kiasi.

Dawati lina uwezo gani?

Tanzania ina Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, iliyoanzishwa baada ya mabadiliko ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2019. Kazi yake ni malalamiko yanayohusu huduma, taratibu na utendaji wa mamlaka ya kodi. Kenya, mamlaka ya mapato ina kituo chake cha malalamiko, na nje yake ipo Tume ya Haki za Kiutawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za serikali kwa haraka na kwa haki. Uganda, anayeona ofisi ya umma imemkwamisha kwa uzembe au hongo anaweza kwenda kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali.

Zinatofautiana kwa nguvu na utaratibu, lakini mpaka wa kazi zao unafanana. Hakuna inayokaa mahali pa bodi ya rufani kuamua kama ndoo zilitengenezwa Kenya au la, na shauri lililokwisha kufika mahakamani huachiwa mahakama. Kinachoingia mikononi mwao ni mwenendo wa ofisi: haikujibu, ilipoteza jalada, ilikataa kupokea barua, haikutoa sababu, haikutekeleza kilichokwisha kuamuliwa.

Ndiyo maana barua ya malalamiko inayoanza na "nilitozwa kodi kubwa" hurudishwa na kuambiwa ikate rufaa, na ile inayoanza na "ofisi ilitakiwa kujibu kufikia tarehe 11 Machi, haikujibu" hufunguliwa jalada. Mwombaji ni yule yule na mzigo ni ule ule. Mfanyabiashara wetu wa ndoo angeandika hivi:

"Nalalamikia kutotekelezwa kwa matokeo ya maombi yangu ya mapitio. Maombi yalipokelewa tarehe 9 Februari. Hakuna uamuzi niliojulishwa hadi tarehe 11 Machi. Tarehe 12 Machi niliandika kudai kurejeshewa shilingi 4,200,000. Barua hiyo pia haijajibiwa. Naomba dawati liitake ofisi ieleze kwa maandishi kama ilitoa uamuzi wowote ndani ya muda, na kama haikutoa, ni lini fedha itarejeshwa. Sijafungua shauri lolote mahakamani."

Ombi hilo ni jembamba kwa makusudi. Ofisi haiulizwi kuhusu plastiki na kanuni za uasili, mambo ambayo inaweza kuyazungumza hadi mwakani. Inaulizwa kama kuna barua ya uamuzi, na kama ipo, ilimfikia mwombaji lini.

Onyo moja linahusu muda. Kulalamika kwenye dawati hakusimamishi siku za rufaa. Wapo waliokuwa na haki yao, wakaipeleka kwenye dawati, wakasubiri kwa adabu, na waliporudi kwenye rufaa wakaambiwa siku 45 zimekwisha. Njia hizi mbili ziende sambamba. Ukiwa na barua ya kukataliwa mkononi, rufaa itangulie na lalamiko lifuate. Dawati likikuambia haliwezi kuendelea kwa sababu umekata rufaa, hujapoteza kitu.

Kwa aliyekwisha kuchelewa

Mwenye barua nne za huruma naye hajafungiwa milango yote. Kifungu cha 229 kinamruhusu Kamishna kupokea maombi yaliyochelewa endapo mwombaji alikuwa nje ya nchi mwanachama, alikuwa mgonjwa, au ana sababu nyingine ya msingi. Maombi hayo yaambatanishwe na ushahidi: karatasi za hospitali au pasipoti yenye mihuri. Barua zake za zamani zinaweza kusaidia hapa kuonyesha kwamba hakulala, hata kama hazikuwa maombi kamili. Akizisoma upya anaweza pia kukuta kwamba mojawapo, ndani ya siku 30, ilitaja uamuzi na kutoa sababu bila kutaja kifungu. Sheria inadai maandishi na sababu. Barua ya namna hiyo inafaa kusimamiwa.

Aliyekamatiwa mzigo kwa madai kwamba umeingizwa kinyume cha sheria ana njia nyingine kabisa. Huyo anatakiwa kutoa taarifa ya maandishi ya kuidai mali yake ndani ya mwezi mmoja wa kukamatwa au wa kupewa taarifa ya kukamatwa. Asipoidai, mali inahesabiwa imetaifishwa. Maombi ya mapitio na barua kwa dawati havichukui nafasi ya dai hilo.

Kwa wengine wote, kazi ya kwanza ni kuitoa bahasha, kuzipanga barua kwa tarehe, na juu ya kila moja kuandika kwa penseli mambo matatu: ilipokelewa lini, ilipinga uamuzi gani, na siku ya mwisho ya kujibiwa ilikuwa ipi. Barua isiyoweza kujazwa hayo matatu usiitegemee mbele ya dawati. Ile inayojazika ndiyo ya kuweka juu kabisa ya lalamiko lako.